Taarifa ya Akaunti Imetimia au Imepungua? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekabidhiwa taarifa ya akaunti na kutakiwa kuifanyia kazi: mweka hazina wa kikundi, mkaguzi wa hesabu za chama, karani wa mikopo, au mwenye nyumba ya wageni anayefunga hesabu za msimu. Tunashughulika na jambo moja tu, nalo ni kama kila mstari ulioko kwenye vitabu vya benki umefika mkononi mwako. Kama malipo fulani yalistahili kufanywa au la, hiyo ni kazi nyingine, na haifai kuanzwa kabla ya hii kwisha.

Mfano tunaoutumia tangu juu hadi chini ni wa kikundi cha wavuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, kinachoomba mkopo wa mashine ya boti. Tarakimu ni za mfano, lakini makosa yaliyomo ndiyo yanayotokea kila siku.

Niangalie nini kwanza nikipokea taarifa?

Tafuta muhtasari kabla ya kusoma mstari wowote. Benki nyingine huuweka ukurasa wa kwanza chini ya jina la mwenye akaunti, nyingine huuweka mwisho kabisa. Muhtasari kamili una mambo sita: salio la kuanzia, jumla ya fedha zilizoingia, jumla ya fedha zilizotoka, idadi ya miamala iliyoingia, idadi ya miamala iliyotoka, na salio la mwisho. Wa kikundi chetu, wa miezi sita kuanzia Januari hadi Juni, unasomeka hivi:

Salio la kuanzia: 48,250
Krediti: 612,400, miamala 41
Debiti: 587,935, miamala 128
Salio la mwisho: 72,715
Kurasa: 6

Chukua kikokotoo. 48,250 ukiongeza 612,400 unapata 660,650. Toa 587,935, inabaki 72,715. Muhtasari umekubaliana na nafsi yake. Hilo ndilo jambo dogo kuliko yote, na wengi huishia hapo wakaandika kwamba wamekagua. Kumbe bado hawajagusa kurasa zenyewe. Muhtasari unaweza kuwa sahihi kabisa huku nusu ya kurasa zimebaki kwenye meza ya mtu.

Debiti na krediti hapa zina maana gani? Kwenye daftari letu ni kinyume.

Ni kweli, ni kinyume. Taarifa inaongea kwa upande wa benki: fedha yako ikiingia, benki inadaiwa nawe, hivyo inaiandika krediti. Kwenye daftari lako la fedha taslimu kiasi kilekile kinakaa debiti. Kwa kazi hii fuata lugha ya taarifa tu. Krediti imeingia, debiti imetoka.

Namba za kurasa si zinatosha? Nikiona 1 hadi 6, sina kurasa zote?

Zinatosha pale zinapoonekana zote na zinapotaja jumla. Ukurasa ulioandikwa `Page 3 of 6` unakwambia mambo mawili, yaani nafasi yake na urefu wa taarifa nzima. Ulioandikwa 3 peke yake unakwambia moja tu. Ukiwa na kurasa 1 hadi 5 za namna hii ya pili na mfululizo haujakatika, huna njia ya kujua kwa namba peke yake kama kulikuwa na ukurasa wa 6. Hapo tafuta alama ya mwisho: mstari wa salio la mwisho, muhtasari, au maneno ya kufunga taarifa kama `End of Statement`. Ukurasa wa mwisho usiokuwa na kimojawapo cha hivyo, na uliojaa mistari hadi chini, uutilie shaka.

Kuna mitego mingine mitatu kwenye namba. Wa kwanza ni taarifa zilizounganishwa: mtu ameomba taarifa sita za mwezi mmoja mmoja akazibana pamoja, na namba zinaanza upya 1, 2, 1, 2, 3, 1. Huo si upungufu. Zitenganishe, kisha angalia kwamba salio la mwisho la kila mwezi ni lilelile la kuanzia la mwezi unaofuata. Wa pili ni faili la PDF. Programu ya kusomea ina namba zake juu ya kioo, nazo zinahesabu kurasa za faili, si kurasa za taarifa. Faili lenye kurasa 6 linaweza kuwa na barua ya benki na kurasa 5 za taarifa. Soma namba iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe. Wa tatu ni karatasi iliyochapwa pande mbili ikaskaniwa upande mmoja: utapata 1, 3, 5. Ukiona namba witiri tupu, hakuna haja ya kuuliza kulikoni.

Mweka hazina amenitumia picha za simu na namba za kurasa zimekatwa chini. Nifanyeje?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tuende nayo polepole.

Mweka hazina wa Kizingitini amepiga picha sita, akamtumia katibu aliyeko Amu mjini. Picha zimebana kidogo na mguu wa kila ukurasa haumo. Ukurasa wa mwisho una muhtasari, wa kwanza una jina la kikundi. Picha sita, kurasa sita. Kila kitu kinaonekana sawa.

Katibu anahesabu mistari ya miamala. Picha ya kwanza ina mistari 25, kwa kuwa juu yake kuna anwani na nembo. Za kati nne zina mistari 32 kila moja. Ya mwisho ina 16. Jumla ni 169. Muhtasari unasema 41 na 128, ambayo pia ni 169. Mtu mwenye haraka angefunga bahasha hapo.

Lakini katibu anahesabu tena, safari hii krediti peke yake na debiti peke yake. Anapata krediti 38 na debiti 131. Krediti zimepungua tatu, debiti zimezidi tatu. Jumla inafanana kwa sababu upungufu na ziada vimezibana.

Anajumlisha fedha. Krediti zinafika 562,900 badala ya 612,400. Debiti zinafika 570,295 badala ya 587,935. Akianza na 48,250 akaongeza alizoziona na kutoa alizoziona, anapata 40,855, wakati taarifa inafunga kwa 72,715. Tofauti ni 31,860.

Sasa anafuata mnyororo wa salio. Salio la mwisho kwenye picha ya tatu ni 61,370. Mstari wa kwanza wa picha ya nne ni debiti ya 1,200 na salio lake ni 75,350. Ili debiti ya 1,200 ifikishe salio 75,350, kabla yake lazima kulikuwa na 76,550. Ila picha ya tatu imeishia 61,370. Mnyororo umekatika hapo. Akiitazama picha ya nne vizuri anagundua ni picha ya tatu iliyopigwa mara ya pili: tarehe zilezile, malipo ya mafuta yaleyale, na ukurasa ule nao ulianza na 76,550. Ukurasa wa 4 wenyewe haukupigwa kabisa.

Mkato wa pili uko mbele yake. Picha ya tano inaanza na debiti ya 4,500 na salio 73,550, kwa hiyo kabla yake palikuwa na 78,050. Kati ya 61,370 na 78,050 kuna 16,680, na hicho ndicho ukurasa wa 4 uliokosekana unachopaswa kuongeza kwenye akaunti baada ya kutoa kilichotoka.

Kwa hesabu hiyo katibu anaujua ukurasa huo kabla ya kuuona. Ukurasa wa 3 una krediti 5 za 64,000 na debiti 27 za 79,180. Akiondoa nakala moja ya ukurasa huo kwenye hesabu yake, anabaki na krediti 33 za 498,900 na debiti 104 za 491,115. Ukitoa hizo kwenye muhtasari, ukurasa wa 4 lazima uwe na krediti 8 za 113,500 na debiti 24 za 96,820. Tofauti ya hizo mbili ni 16,680, sawasawa na pengo la mnyororo. Ukurasa ukiletwa na ukawa na tarakimu nyingine, basi si ukurasa wa taarifa hii, au kuna upungufu mwingine mahali.

Kwani pengo la tarehe lisingeonekana tu kwa macho?

Lingeonekana, ila lisingeshtua. Picha ya tatu inaishia mwisho wa Machi na ya tano inaanza mapema Mei. Kwa kikundi cha wavuvi, Aprili ndipo upepo wa kusi unapoanza kushika, na msomaji anayejua bahari atajiambia kwamba watu walipumzisha vyombo. Maelezo ya aina hii ndiyo yanayopitisha kasoro, kwa sababu yana mantiki. Tarehe zitumie kuonyesha pa kuchungulia, lakini hukumu iachie mnyororo wa salio. Mwezi mtulivu kweli hauvunji mnyororo: salio la mwisho wa Machi litakuwa lilelile kabla ya mstari wa kwanza wa Mei.

Kwa nini nihesabu idadi wakati jumla za fedha zimekubaliana?

Kwa sababu jumla zinaweza kukubaliana kwa bahati. Mistari miwili ikikosekana upande mmoja na mwingine mmoja wa upande huohuo ukarudiwa wenye kiasi sawa na jumla ya hiyo miwili, jumla ya fedha haitatikisika. Malipo ya aina moja hujirudia sana kwenye akaunti zetu: mchango wa shilingi 500 wa kila mwanachama, nauli ya boti isiyobadilika, ada ya benki ya kila mwezi. Kiasi kinachojirudia ndicho kinachoweza kufunika kingine.

Kinyume chake pia ni kweli. Idadi inaweza kutimia na fedha zisitimie, pale tarakimu moja inaponakiliwa vibaya. Ndiyo maana vipimo ni vinne: idadi ya krediti, idadi ya debiti, jumla ya krediti, jumla ya debiti. Kila kimoja kinakamata kinachompita mwenzake.

Nimeshahamisha taarifa kwenye Excel. Nitumie fomyula gani?

Tuseme safu ya C ni debiti, D ni krediti, E ni salio, na miamala 169 iko mstari wa 2 hadi wa 170.

```
=COUNTIF(C2:C170,">0")
=COUNTIF(D2:D170,">0")
=SUM(C2:C170)
=SUM(D2:D170)
```

Kwa mnyororo, andika hii kwenye F3 kisha uiburute hadi chini:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

Kila mstari unapaswa kutoa 0. Unaotoa tarakimu nyingine ndio unaofuata pengo. Hesabu ya kwanza, ile inayotoka salio la kuanzia kwenda mstari wa 2, ifanye kwa mkono, la sivyo mstari uliokosekana juu kabisa hautajulikana.

Usihesabu mistari ya jedwali kwa macho wala kwa namba zilizo pembeni. Maelezo marefu ya malipo hukunjwa, na yakihamishwa kutoka PDF hugeuka mistari miwili, wa pili ukiwa hauna kiasi. Kinachohesabiwa ni kiasi, si mstari. `COUNTIF` na `SUM` zinafanya hivyo tayari, ila kwa mnyororo ondoa kwanza mistari hiyo isiyo na kiasi, la sivyo itaonekana kama mikato.

Mnyororo wote unatoa 0, lakini jumla yangu ni pungufu. Inawezekanaje?

Hii huwachanganya watu sana, na sababu yake ni moja karibu kila mara: baadhi ya tarakimu zimeingia kama maandishi. Excel ikikutana na `1,500.00` iliyohifadhiwa kama maandishi, `SUM` na `COUNTIF` zinairuka kimyakimya. Lakini ukiitoa au kuiongeza moja kwa moja, kama ile fomyula ya mnyororo inavyofanya, Excel huigeuza kuwa namba. Kwa hiyo mnyororo unaona fedha ambazo jumla haizioni. Dalili nyingine ni tarakimu kulala upande wa kushoto wa kisanduku, kwani namba halisi hukaa kulia. Zigeuze kuwa namba, hesabu tena.

Mnyororo ukitoa `#VALUE!` badala ya 0, kisanduku kina kitu kingine kilichoshikamana na tarakimu, kwa kawaida herufi za upande kama `DR` na `CR`, au nafasi ngumu iliyotoka kwenye PDF. Ondoa hicho kwanza.

Krediti zangu zimezidi kwa muamala mmoja, na kiasi kilichozidi ni sawa na salio la kuanzia.

Mstari wa salio lililoletwa mbele umeingia safu ya krediti. Ule si muamala, ni mahali pa kuanzia. Kwenye mfano wetu ungeona krediti 42 na jumla 660,650. Ufute kwenye safu ya krediti, uuache kwenye safu ya salio.

Jambo hilohilo hutokea kwenye taarifa zinazochapa salio lililopelekwa mbele chini ya kila ukurasa na kulirudia juu ya ukurasa unaofuata. Kurasa sita huwa na mistari kumi ya namna hiyo, miwili kwa kila kivuko kati ya ukurasa na ukurasa. Usiihesabu, lakini usiitupe pia. Ndiyo njia nyepesi ya kuthibitisha kwamba kurasa mbili zinafuatana, kwa kuwa tarakimu ya chini ya ukurasa mmoja lazima iwe ya juu ya unaofuata.

Fedha zinakubaliana mpaka senti, ila idadi inatofautiana kwa moja au mbili. Ni kasoro?

Mara nyingi ni muamala uliorudishwa. Kuna namna mbili za kuuandika. Kwa namna ya kwanza, debiti iliyokosewa inabaki na krediti ya kuirudisha inaongezwa, kwa hiyo idadi zote mbili zinapanda. Kwa namna ya pili, marejesho yanawekwa safu ileile ya debiti yakiwa na alama ya kutoa mbele. Hapo `COUNTIF` ya `">0"` haitauona mstari huo, wakati benki huenda imeuhesabu. Weka `=COUNT(C2:C170)` uone kama idadi inakaa sawa. `COUNT` huhesabu kila namba, iwe juu au chini ya sifuri, ila ikikuta visanduku vilivyojazwa 0.00 itavihesabu navyo, hivyo viondoe kwanza.

Ukishauona mstari wenyewe na kuueleza kwa maandishi, tofauti hiyo si kasoro tena. Usiiache tu kwa kudhani kwamba ni marejesho.

Ada na ushuru zinahesabiwa vipi?

Kila kilichochapwa kwenye mstari wake na kiasi chake ni muamala. Uhamisho mmoja wa fedha unaweza kuzaa debiti tatu: fedha zenyewe, ada ya benki, na ushuru wa bidhaa juu ya ada hiyo. Ndiyo maana kikundi kilichofanya malipo arobaini hivi kwenye daftari lake kinashangaa kuona debiti 128. Usilinganishe idadi ya taarifa na idadi ya vocha zenu. Ilinganishe na mistari ya taarifa yenyewe.

Tofauti yenyewe inaweza kuniambia kosa liko wapi?

Kwa kiasi fulani. Tafuta kwanza kama tofauti ni sawa na kiasi cha mstari mmoja unaojulikana, kwa kuwa huenda mstari huo umekosekana au umerudiwa. Kisha igawe kwa 2. Muamala ukiwekwa upande usio wake, salio hukosea kwa mara mbili ya kiasi chake, hivyo tofauti ya 7,000 inakutuma utafute 3,500, na idadi za pande zote mbili zitakuwa zimekosea kwa moja. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kunakili: 5,400 ikiandikwa 4,500 inaacha 900.

Hizi ni dalili tu. Ile 31,860 ya mfano wetu inagawanyika kwa 9 vizuri kabisa, inatoa 3,540, na haikuwa na uhusiano wowote na tarakimu zilizobadilishana. Mwenye kutegemea kanuni ya 9 peke yake angetumia asubuhi nzima kutafuta kosa lisilokuwepo. Kwa tofauti kubwa anza na mnyororo, kwa sababu unakupeleka mpaka kwenye mstari wenyewe.

Taarifa ya M-PESA ina muhtasari wa namna hii?

Ina muhtasari, ila si wa namna hii. Taarifa kamili inayokuja kwa PDF ina jedwali juu linalogawa fedha kwa aina ya muamala, lenye safu za `PAID IN` na `PAID OUT` na mstari wa jumla. Idadi ya miamala haimo. Kwa hiyo unabaki na jumla mbili, namba za kurasa na mnyororo.

Mnyororo wake unasomwa kwa kurudi nyuma, kwani muamala mpya uko juu na wa zamani chini. Salio la mstari wowote linatokana na mstari ulio chini yake. Ile fomyula ya Excel ukiitumia bila kupanga upya itakupa makosa kila mstari, nawe utadhani taarifa imeharibika. Ukipanga upya kwa tarehe na saa, jihadhari na mistari yenye sekunde moja. Malipo na ada yake vinaweza kubadilishana nafasi, na mnyororo ukakatika kwa mistari miwili kisha ukajiunga wenyewe. Mkato wa kweli haujiungi.

Jambo lingine: ada huandikwa mstari wake lakini kwa namba ileile ya risiti kama malipo yaliyoizaa. Fuliza ikitumika, nayo huongeza mstari wenye namba hiyohiyo. Kwa hiyo usiondoe mistari ukidhani ni marudio kwa sababu tu namba ya risiti imejirudia. Ukiiambia Excel ifute marudio kwa safu ya risiti peke yake, utakuwa umetengeneza upungufu kwa mkono wako.

Taarifa haina muhtasari wowote. Nimekwama?

Hujakwama, ila unabaki na kipimo kimoja tu chenye nguvu. Mnyororo ukishikana kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, katikati hapana kilichokosekana, isipokuwa vitu vinavyofutana kabisa na vilivyoondolewa pamoja. Miisho miwili ndiyo isiyolindwa. Ya juu unailinda kwa salio la mwisho la taarifa iliyotangulia, ya chini kwa salio ambalo benki inalithibitisha kwa tarehe hiyo. Kama huna vyote viwili, omba taarifa yenye muhtasari.

Kila kipimo kimekubali. Naweza kusema taarifa ni halali?

Unaweza kusema imetimia. Halali ni neno jingine. Mtu anayeghushi taarifa kwa kompyuta hupata jumla sahihi bila taabu, kwa sababu kompyuta inamjumlishia. Vipimo hivi vimewekwa kukamata kurasa zilizopotea, kurudiwa au kuhamishwa vibaya, na mghushi mvivu. Kwa uhalali, taarifa ije kwako kutoka benki yenyewe bila kupita mkononi mwa anayenufaika nayo. Vilevile taarifa iliyotimia ni ya akaunti ile moja. Haisemi chochote kuhusu akaunti nyingine ya kikundi ambayo hukuonyeshwa.

Tunatoka visiwani kuja benki Amu. Tukague nini kabla ya kuondoka kaunta?

Boti za Pate hungoja maji kujaa ndipo zipite mlango wa Mkanda, kwa hiyo ukurasa mmoja uliosahaulika kwenye mashine ya kuchapa unaweza kukugharimu nauli nyingine na siku nzima. Kaunta hakuna nafasi ya kujumlisha miamala 169, wala hakuna haja. Fanya haya manne ukiwa bado mbele ya karani.

Hesabu karatasi kwa kidole na usome namba kwenye kila moja, ukigeuza nyuma kuona kama zimechapwa pande mbili. Kama umelipia kwa ukurasa, linganisha na idadi iliyo kwenye risiti. Angalia kwamba tarehe ya kuanza na ya kumaliza ndizo ulizoomba. Kisha pitia vivuko tu: kwa kurasa sita ni vitano, na kila kimoja kinataka salio la mwisho la ukurasa huu na mstari wa kwanza wa ukurasa ujao. Mwisho, hakikisha muhuri uko kwenye kila ukurasa na haukuangukia namba ya ukurasa wala salio la mwisho. Muhuri ukifunika tarakimu, omba ukurasa uchapwe upya hapohapo. Karani hukunja uso kidogo, lakini hufanya.

Na ukipiga picha za kutuma, weka karatasi mezani, piga mpaka kingo zote nne zionekane, na mpe kila picha jina la ukurasa wake kabla ya kuituma.